Siki na kornflawa ndani ya pavlova

Pavlova, ile keki ya ute wa mayai na sukari, ikiiva sawasawa, kisu huvunja ganda jembamba linalokatika kwa mlio, kisha huzama kwenye moyo mweupe, laini na wenye unyevunyevu, unaovutika kidogo kama mashimelo. Hapo ndipo inapoachana na merengi ya kawaida, ambayo hukaushwa mpaka ndani. Jina limetokana na Anna Pavlova, mcheza baleti wa Kirusi aliyezuru Australia na New Zealand mwaka 1926, na nchi hizo mbili mpaka leo zinagombania nani aliitengeneza mwanzo. Mimi nataka kuzungumzia kijiko kimoja cha siki na vijiko viwili vya kornflawa, maana hapa Unguja naona watu wanavipa kazi isiyokuwa yao.

Ganda likilegea, mtu huongeza siki. Likilegea tena, huongeza kornflawa. Lakini vitu hivi viwili hufanya kazi zaidi ndani, kwenye ule moyo laini. Ugumu wa ganda unatokana na sukari iliyokauka, basi.

Tuanze na ute wa yai. Karibu asilimia 90 yake ni maji, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni protini, ambazo zimejikunja kama nyuzi zilizoviringwa. Ukiupiga, zile nyuzi zinakunjuka, zinajipanga kuzunguka mapovu ya hewa na kuanza kushikana zenyewe kwa zenyewe. Kushikana huko tunakutaka, ila kwa kiasi. Zikikazana kupita kiasi zinajivuta pamoja na kuyakamua maji, na povu linakuwa na chenga, halina mng'aro, na chini ya bakuli unaona maji. Hatari hiyo haiishii kwenye bakuli, kwani moto wa oveni nao unazidi kuzikaza.

Siki inapunguza kasi hiyo. Ute wa yai una asili ya alikali, na yai linavyozidi kukaa, kaboni dioksaidi inatoka kupitia ganda lake na alikali inazidi. Ukitia asidi kidogo, protini hazishikani kwa nguvu na haraka namna ile, kwa hiyo povu linabaki na ulaini na maji yanabaki mahala pake. Mapishi mengi yanasema siki itiwe mwisho. Mimi naitia mapema, ute ukishaanza kutoa povu, ili uwe na kinga muda wote wa kupigwa. Siki nyeupe ya kawaida inatosha, na ladha yake huisikii ikishaiva. Ukikosa siki, maji ya ndimu kiasi hicho hicho yanafaa.

Kornflawa ni wanga mtupu wa mahindi, si unga wa sembe, tafadhali. Kazi yake ni kuyashika maji yaliyo huru katikati ya pavlova. Joto likifika ndani, chembe za wanga zinayanywa na kuvimba, na zikikaa baina ya protini zinazizuia zisikazane zikawa mpira. Ndiyo maana kipande kinasimama kwenye sahani bila kuvuja, na ndani kinayeyuka mdomoni. Ikizidi, ndani inakuwa na unga unaogandia ulimi, na ule mvutiko unapotea.

Mteja wangu mmoja wa Mbweni aliniletea picha mwezi wa Aprili, akaniuliza: "Bi mkubwa, nimetia kornflawa vijiko vinne na siki viwili, mbona limelia?" Juu ya ganda palikuwa na matone ya rangi ya kahawia, chini limeelea kwenye shira, na alipokata, ndani palikuwa pakavu kama sponji. Nilimuuliza moto na sukari. Alioka kwa nyuzi 180 saa nzima, na sukari ilikuwa ile ya dukani yenye chembe kubwa, ameimimina yote kwa mara moja.

Picha ile inajieleza yenyewe. Chembe za sukari ambazo hazikuyeyuka zilivuta maji yaliyozizunguka zikawa shira. Moto mkali nao ulizikaza protini, zikakamua maji zaidi. Matone ya juu yanasema imeokwa kupita kiasi au sukari haikuyeyuka, na kwake yalikuwa yote mawili. Kornflawa hata angetia mara tatu isingeweza kuyazuia.

Nilimpa vipimo hivi. Ute wa mayai 4, na upime: nataka gramu 120 hadi 130, maana mayai ya kienyeji ni madogo na manne yake huenda yasifike. Sukari gramu 220, isagwe kwanza kwenye blenda mpaka iwe laini, lakini isiwe unga kabisa. Siki kijiko kimoja cha chai, kornflawa vijiko viwili vya chai, vya kufuta. Bakuli liwe la chuma au kioo lisilo na mafuta, na kiini kisidondoke hata tone, kwa sababu mafuta yanaliua povu.

Povu likishika umbo laini, sukari inaingia kijiko kimoja kimoja. Hapa ndipo watu wanapochoka. Sugua povu kidogo baina ya vidole viwili: ukisikia chenga, endelea kupiga. Likiwa laini tupu, zito, linang'aa na linasimama wima, chekecha kornflawa juu yake uichanganye taratibu kwa mwiko wa mpira. Kisha lirundike kwenye karatasi ya kuokea, mduara wa sentimita 18 hivi, na unene usipungue sentimita 5. Unene huo ni wa lazima. Ukiutandaza mwembamba, joto litafika katikati na kuikausha yote, utapata merengi.

Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 150, ukiingiza tu shusha mpaka 120, uoke kwa saa moja na robo. Usifungue mlango. Ukizima, iache humo humo ipoe kabisa, maana ikitoka ghafla kwenye baridi ganda linapasuka na katikati inabonyea. Mpasuko mdogo haudhuru, krimu itaufunika. Oveni ya gesi inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji, na kukauka kunachelewa. Mimi huongeza kama dakika 15.

Alioka tena wiki ile ile. Ndani ilitoka vizuri, ila ganda lililegea kabla wageni hawajafika, naye akarudi kwenye siki. Nikamwambia siki haimo. Sukari iliyokauka ina kiu ya maji, na masika hewa yetu imejaa maji. Ganda lililoachwa mezani dirisha likiwa wazi huanza kunata upesi, na friji nayo ina unyevu wake. Ikishapoa, itie kwenye kopo lisilopitisha hewa, ulifunge barabara.

Krimu na matunda vitiwe wageni wakiwa wameshakaa, kwa sababu krimu nayo inalegeza ganda kutoka juu. Mimi napenda pasheni, uchachu wake unakata sukari, na embe boribo likiwa msimu wake. Kama ganda limeshaanza kunata na bado hujalitia kitu, lirudishe kwenye oveni ya nyuzi 90 kwa dakika 20, liache lipoe humo humo. Litakauka tena. Likishapakwa krimu, hakuna kulirudisha.