Sindano haili misuli, na kutembea hakuilindi

Kila zinapotajwa sindano za kupunguza uzito, semaglutaidi au tirzepataidi, hapa Dar, sentensi ni ileile: “Sindano inakula misuli, ila mimi natembea Daraja la Tanzanite kila jioni, kwa hiyo niko salama.” Nusu zake zote mbili zina kosa, na kosa la nusu ya pili ndilo linalowagharimu watu.

La kwanza nalipitia haraka. Dawa hizi zinazima njaa na kuchelewesha chakula kutoka tumboni. Mtu anakula kidogo kuliko anachotumia, na mwili unafidia kwa kuchoma mafuta pamoja na sehemu ya protini yake wenyewe. Ukipunguza kilo 15 kwa kujinyima tu, bila sindano, bado misuli itaguswa.

Kinachotisha watu ni takwimu. Katika utafiti mkubwa wa semaglutaidi uliochapishwa 2021, wale waliopimwa kwa deksa, eksirei inayotenganisha mafuta na visivyo mafuta mwilini, walionekana kupoteza uzito ambao karibu asilimia 40 yake haikuwa mafuta. Kwa tirzepataidi ilikuwa kama robo. Ila uzito usio mafuta si misuli peke yake. Ndani yake mna maji, ini, wanga uliohifadhiwa pamoja na maji yake, na nyuzi zinazoshikilia mafuta yenyewe. Tena, miguu iliyokuwa ikibeba kilo 92 kutwa nzima haihitaji misuli ileile ikibeba 78. Sehemu ya upungufu huo ni ya haki kabisa. Kubishania asilimia kunapoteza muda, kwa sababu deksa haikuambii kama utaweza kuinuka kwenye kochi bila kushika mkono wa kochi.

Tuchukue mfano wa mwanamke wa kilo 92, urefu sentimita 162, aliye mwezi wa tatu wa sindano. Asubuhi anakunywa chai ya maziwa na nusu chapati. Mchana ndizi moja, kwa kuwa hana njaa. Usiku vijiko vichache vya wali, nusu kikombe cha maharage na kipande kidogo cha kuku. Ukihesabu, protini haifiki gramu 30.

Anahitaji ngapi? Usizidishe kwa kilo 92, utapata namba ambayo tumbo lililopunguzwa kasi haliwezi kuibeba. Uzito wa kawaida kwa urefu wake unaishia kama kilo 66. Ongeza robo ya zile 26 zilizozidi, unapata kama 72. Zidisha kwa gramu 1.2, na lengo linakuwa karibu gramu 90 kwa siku. Hapa niseme wazi: namba hiyo imeazimwa zaidi kutoka kwa watu waliojinyima chakula bila sindano. Ni makadirio mazuri, si sheria. Na mwenye ugonjwa wa figo asiifuate kabla ya kuongea na daktari wake.

Gramu 90 zinapatikana sokoni kwetu bila kopo la unga wa protini. Mayai matatu na kikombe cha maziwa asubuhi ni gramu 26. Mchana, samaki aliyepikwa gramu 100 bila miiba, awe kibua au changu, pamoja na nusu kikombe cha maharage, ni kama 30. Jioni gramu 100 za kuku au nyama iliyoiva ni kama 27, na glasi ya mtindi inaongeza 8. Siri iko kwenye mpangilio: kula samaki kwanza, ugali baadaye. Ukianza na ugali utashiba kwa vijiko vinne, na samaki atabaki sahani.

Siku mbili tatu baada ya sindano kichefuchefu kinapanda, hasa dozi ikiwa imeongezwa. Hapo vyakula vya kukaanga viache, tegemea maziwa, mtindi na mayai ya kuchemsha. Na tafadhali, supu si nyama. Mchuzi wa supu una protini kidogo sana. Hata kongoro, pamoja na kunata kwake, protini yake nyingi ni ile ya ngozi na mishipa, ambayo ni dhaifu katika kujenga misuli. Kunywa mchuzi kwa ajili ya maji na chumvi, halafu kula minofu.

Sasa kutembea. Kutembea kunasaidia moyo, sukari na usingizi, na sikuombi uache. Lakini misuli hubaki pale inapolazimishwa kubeba kitu kizito, na matembezi yako yanakuwa mepesi kila kilo inaposhuka. Ulianza ukitembea na kilo 92, leo unatembea na 78, njia ileile. Kwa miguu yako huko ni kupunguziwa kazi. Utafiti wa Marekani wa 2017 kwa wazee wenye unene waliopunguza uzito kwa chakula ulilionyesha hili: waliofanya mazoezi ya kuhemesha kama kutembea peke yake walipoteza asilimia 5 ya uzito usio mafuta, waliofanya ya kunyanyua vyuma walipoteza 2.

Jimu si lazima. Dumu la maji linatosha, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja na unaweza kuongeza nusu lita kila wiki, jambo ambalo dambeli nyingi haziruhusu. Mara mbili au tatu kwa wiki, ukiacha siku katikati, fanya haya manne: kuinuka kwenye kiti huku umekumbatia dumu, kuinama kwa nyonga mgongo ukiwa umenyooka na kulinyanyua, kulivuta kuelekea kiunoni kwa mkono mmoja, na pushapu ukiegemea meza nzito isiyoteleza. Seti tatu, marudio 8 hadi 12. Ukimaliza seti ukaona ungeweza kuongeza kumi zaidi, uzito huo ni wa mapambo. Unatakiwa ubakiwe na mawili au matatu tu. Dumu kubwa lililojaa nusu, maji yake hucheza na kuyumbisha mgongo, hivyo tumia dogo lililokaribia kujaa. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aipime kabla na baada ya mazoezi.

Kipimo nacho kina mtego. Wengi hujipima kwa kuinuka kitini mara tano, mikono imekunjwa kifuani. Kupita sekunde 15 ni dalili mbaya. Baada ya miezi mitatu muda unapungua, wanashangilia. Lakini umepungua kilo sita, lazima iwe rahisi! Unaweza kupoteza misuli na bado ukashinda jaribio hilo. Kwa hiyo rudia ukiwa umekumbatia kilo ulizopoteza: umepungua sita, shika lita sita. Muda ukibaki uleule au ukashuka, miguu yako iko salama. Angalia pia lile zoezi la kuvuta dumu kwa mkono, maana uzito wa mwili wako hauliingilii. Ulivuta lita 10 mara kumi, sasa unafika sita tu? Hapo umepoteza nguvu, hata kama mizani inakupongeza.

Ikitokea hivyo, na protini yako haifiki hata gramu 60 kwa sababu chakula hakipiti, nenda kwa daktari wako na namba zote mbili kabla ya dozi inayofuata. Muulize kama mnaweza kubaki kwenye dozi ya sasa wiki nne zaidi badala ya kupanda. Ratiba ya kuongeza dozi huruhusu kusubiri, na anayepungua nusu kilo kwa wiki akiwa anakula samaki wake hana sababu ya kukimbizwa.