Excel kukataa tarehe za wikiendi: watu wanavyoamini na ilivyo kweli

Kuna shiti moja ya maombi ya malipo niliwahi kurithi kwenye ofisi fulani hapa Dar, safu ya B ni tarehe, na aliyeitengeneza alitaka vitu viwili tu: tarehe iwe siku ya kazi, Jumatatu mpaka Ijumaa, na iwe ya mwaka huu. Wazo zuri kabisa. Shida ni kwamba kila Ijumaa watu walikuwa wanagombana na kompyuta na kuna maombi ya Jumapili yalikuwa yanapita kiulaini kabisa. Nikafungua Data, nikaenda Data Validation, kwenye Allow pameandikwa Custom, na fomula yenyewe ndo hii:

```
=WEEKDAY(B2)<6
```

Hapo ndo unakutana na dhana ya kwanza, kwamba eti kila mtu duniani anaanza kuhesabu wiki Jumatatu kwahiyo chini ya 6 ni lazima iwe Jumatatu hadi Ijumaa. Hapana bana. WEEKDAY ukiiacha hivyo hivyo bila kuiambia kitu inaanza Jumapili, yaani Jumapili ni 1, Jumatatu 2, unaenda mpaka Ijumaa 6 na Jumamosi 7. Kwahiyo "chini ya 6" imeruhusu Jumapili na imeifungia mlango Ijumaa, ndo maana ugomvi wote ule. Kinachochekesha ni kwamba fomula hiyo hiyo ukiipeleka Muscat iko sahihi kabisa, kwa sababu Oman wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi na kazi wanaanza Jumapili. Sisi huku inatakiwa uipe WEEKDAY namba ya pili, 2, ambayo maana yake anza kuhesabu Jumatatu.

Na sisi Waswahili tuna yetu bana, maana kwetu mosi ni Jumamosi na pili ni Jumapili, imo kwenye majina yenyewe. Excel inayo hesabu hiyo pia, ni namba 16, hivyo ukiandika `WEEKDAY(B2,16)>2` umesema "kuanzia Jumatatu na kuendelea" kwa hesabu ya bibi yako kabisa, Jumatatu tatu, Jumanne nne, Jumatano tano, Alhamisi inakuwa 6 na Ijumaa 7. Mimi naipenda hii ila ukimwachia shiti mtu mwingine atakuuliza 16 umeitoa wapi, so kazini natumia 2.

Dhana nyingine, hii fupi: kwamba unaweka sheria ya wikiendi halafu unarudi unaongeza ya mwaka juu yake. Seli moja inabeba sheria moja tu, ukiweka ya pili ya kwanza imeondoka na haikuagi. Zote mbili zinaingia kwenye AND:

```
=AND(WEEKDAY(B2,2)<6,YEAR(B2)=YEAR(TODAY()))
```

Kama kompyuta yako inatenganisha kwa nukta mkato basi weka `;` badala ya mkato. Na anza kwa kuchagua seli kuanzia B2 kwenda chini, sio safu nzima, maana ukianzia B1 halafu ukaandika B2 kila seli itakuwa inamkagua jirani yake wa chini.

Sasa hii ndo imenisumbua kuliko zote. Watu wanaamini fomula ikishakuwa sahihi basi ikikataa tarehe, tarehe ni mbaya, na ikikubali, tarehe ni nzuri. Mwaka 2025, Machi, dada wa mapokezi akanipigia, "Kaka, leo si Jumatano? Mbona hii kitu inakataa?" Nikaangalia, alikuwa ameandika 5/3/2025, na kweli tarehe 5 Machi ilikuwa Jumatano. Ila laptop yake ilikuwa mpya na imesetiwa Kimarekani, mwezi unatangulia, kwahiyo Excel imesoma tarehe 3 Mei, na tarehe 3 Mei 2025 ni Jumamosi. Ikakataa kwa haki kabisa, yenyewe ilikuwa inaongelea siku nyingine.

Huyo aliyekataliwa ana bahati. Jana yake alikuwa ameandika 4/3/2025 na ikapita bila neno, ila ndani imekaa tarehe 3 Aprili, Alhamisi, mwaka huu huu, masharti yote mawili yametimia! Halafu akija kuandika 13/3/2025 inakataliwa tena kwa sababu nyingine kabisa, hakuna mwezi wa 13, Excel inaichukua kama maandishi, fomula inatoa kosa na kosa kwenye Data Validation ni sawa na hapana. Yaani mtu mmoja, wiki mbili, majibu matatu tofauti. Dawa ni kurekebisha Region kwenye Windows iwe ya nchi inayoanza na siku, halafu safu yenyewe ipe fomati ya `ddd dd-mmm-yyyy` ili mtu akimaliza kuandika aone jina la siku na mwezi kwa herufi, akiona Thu 03-Apr atashtuka mwenyewe. Kwa malipo ambayo yameshafanyika niliongeza pia `B2<=TODAY()` ndani ya AND, ile 3 Aprili isingepita tarehe 4 Machi. Haikamati zote, zinazogeuka kurudi nyuma zinapita bado.

Halafu kuna wanaodhani ukishaweka sheria shiti imesafishwa. Data Validation inakagua kinachoandikwa kwa mkono kwenye seli, basi. Vilivyokuwemo kabla haivigusi, na ukikopi seli kutoka kwingine ukapesti kwa Ctrl+V inaingia na sheria ya kule ilikotoka, kama kule hapakuwa na sheria basi na hapa imefutika. Ukipesti Values sheria inabaki ila tarehe haiulizwi chochote. Kuwanasa, kwanza rudisha sheria kwenye seli zilizoipoteza, halafu unabonyeza kimshale cha Data Validation unachagua Circle Invalid Data, wote wabovu wanachorewa duara jekundu.

Januari nayo ina vituko. Watu wanadhani TODAY inamaanisha huhitaji kugusa shiti tena milele. Tarehe 2 Januari 2026 mtu anaingiza risiti ya Desemba iliyopita, anaandika 31/12/2025, inakataliwa. Anajaribu 31/12 bila mwaka, na kama hukuweka ile ya kuzuia tarehe zijazo, inakubali! Kwa sababu Excel imemjazia 2026 yenyewe na siku hiyo ni Alhamisi. Kwahiyo kama mnafunga hesabu kwa kuchelewa, andika mwaka kwenye seli, mfano H1, na sheria iseme `YEAR(B2)=$H$1`, kisha toa tiki kwenye Ignore blank, maana ikiwepo na H1 ikawa tupu inaruhusu chochote.

Mwisho, siku ya wiki sio siku ya kazi. Saba Saba ya 2025 iliangukia Jumatatu na fomula ile juu inaipitisha. Ukitaka ikataliwe, orodhesha sikukuu sehemu, ipe orodha jina Sikukuu, halafu:

```
=AND(NETWORKDAYS(B2,B2,Sikukuu)=1,YEAR(B2)=YEAR(TODAY()))
```

Hapo WEEKDAY huihitaji tena, wikiendi NETWORKDAYS inaitoa yenyewe. Ila Idi utaiongeza kwa mkono mwezi ukishaandama.