Kishoka, mshauri mwenye leseni au wakili: nani ashike ombi lako la viza ya Nyuzilandi

Watu wengi wanaofika kwenye dawati letu la ushauri hapa Dar es Salaam wakiulizia safari ya Nyuzilandi huwa wamekwisha kutoa fedha. Kwa kawaida wamempa mtu mwenye meza katika steshenari ya Kariakoo, au jamaa waliyeelekezwa na jirani kwamba "ana watu ubalozini", na wanachokuja kuuliza ni kama fedha hizo zinaweza kurudi. Swali hilo mara nyingi huwa limechelewa. Lililopaswa kutangulia ni hili: je, mtu huyo anaruhusiwa na sheria kukushauri?

Nyuzilandi ina sheria ya mwaka 2007 ya utoaji wa leseni kwa washauri wa uhamiaji, na sheria hiyo ina jambo ambalo watu wa huku hawalitarajii: inamfuata mtoa ushauri popote alipo duniani. Tangu Mei 2010, mtu aliyeketi Dar es Salaam akimshauri mwenzake kuhusu viza ya nchi hiyo anatakiwa kuwa na leseni, au kuwa katika kundi lililosamehewa na sheria yenyewe. Haijalishi kama amelipwa au amesaidia bure. Ombi lililowasilishwa kwa niaba yako na mtu asiye na leseni wala msamaha hukataliwa kupokelewa, na mtu huyo akitiwa hatiani na mahakama za huko anaweza kufungwa hadi miaka 7 au kutozwa faini ya hadi dola 100,000 za Nyuzilandi.

Hii haimaanishi kwamba kijana wa steshenari anavunja sheria kila anapokuandikia fomu. Kupiga chapa majibu unayomtajia mwenyewe, kutoa nakala, kutafsiri cheti cha kuzaliwa na kukuonyesha ukurasa wa wazi wa serikali vinaruhusiwa bila leseni. Mpaka huvukwa pale anapoanza kukuamulia. Akisema "wewe omba viza hii, ile achana nayo", au "hapo usiandike kwamba uliwahi kunyimwa", tayari anatoa ushauri, hata kama ametoza gharama ya karatasi tu.

Tuseme kuna mama wa Mbagala aliyefunga ndoa na Mtanzania mwenzake mwenye ukazi wa kudumu Nyuzilandi. Baada ya harusi waliishi pamoja miezi minne, kisha mume akarudi kazini Auckland. Miaka mitatu kabla ya ndoa, mama huyu aliomba viza ya Uingereza akakataliwa. Kishoka anamwambia kwamba kwa shilingi milioni 6 atamwombea ukazi moja kwa moja, akaungane na mumewe, na kwamba habari ya Uingereza isitajwe kwa sababu "hizo ni nchi mbili tofauti".

Maneno hayo mafupi yana makosa mawili makubwa. La kwanza ni aina ya viza. Ukazi kwa njia ya ndoa katika nchi hiyo hudai wenzi wawe wameishi pamoja, katika uhusiano wa kweli na wa kudumu, kwa angalau miezi 12. Cheti cha ndoa peke yake hakitoshi, na miezi minne haifiki. Njia iliyo wazi zaidi kwake ni viza ya muda ya mwenzi, ambayo haimfungi kwa kipimo hicho cha miezi 12, ili waishi pamoja kule na miezi ihesabike. Kosa la pili ni la hatari zaidi. Fomu huuliza kama umewahi kukataliwa viza na nchi yoyote, na jibu la uongo linaweza kuangusha ombi ambalo lingepita bila shida. Anayeweka sahihi ndiye anayebeba lawama, si aliyepiga chapa. Tena, viza ya muda ikikataliwa ukiwa nje ya Nyuzilandi, huna haki ya kukata rufaa kwenye baraza lao la uhamiaji. Unalazimika kuomba upya, na kumbukumbu ya uongo inabaki kwenye faili.

Basi mama huyu aende kwa nani? Kwanza ajue kwamba halazimiki kumwajiri mtu yeyote, kwani sheria inamruhusu kujaza na kuwasilisha ombi lake mwenyewe. Akitaka msaada, ningemshauri aanzie pasipo gharama, na hapo anayepaswa kutembea ni mumewe. Nyuzilandi ina vituo vya sheria vya jamii na ofisi za ushauri kwa wananchi ambazo hutoa msaada bila malipo na zimesamehewa leseni na sheria. Zipo kwa ajili ya watu walioko kule, na kwa kawaida hazibebi ombi toka mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, saa moja ya mume kuketi na mhudumu inaweza kutosha kumwonyesha tofauti ya viza hizo mbili na ushahidi unaohitajika: risiti za kutuma fedha, mazungumzo ya simu, tiketi za safari, barua za wazazi wa pande zote mbili. Tahadhari ni kwamba msamaha huo hauvihusu vyama vyote vya kijamii. Umoja wa Watanzania, kanisa au msikiti unaweza kukushika mkono kwa mengi, lakini ukiwa na mtu anayeshauri watu mara kwa mara kuhusu viza, naye anahitaji leseni. Shangazi anayemshauri mpwa wake bila malipo na si kwa mazoea hana tatizo.

Kwa ombi la mama huyu, lenye doa moja la kukataliwa ambalo lahitaji maelezo mazuri, mshauri mwenye leseni anatosha. Jina lake litafutwe katika daftari la wazi kwenye iaa.govt.nz, ambapo pia huonyeshwa aina ya leseni: kamili, yenye mipaka, au ya wanaoanza kazi chini ya msimamizi. Kwa kuwa vishoka hutumia namba za leseni za watu wengine, simu na baruapepe ya kuwasiliana naye ichukuliwe kutoka kwenye daftari hilo, isichukuliwe kwenye kadi uliyopewa mkononi. Leseni huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo ya mwaka juzi si ushahidi wa leo.

Wakili ni wa mambo mazito zaidi: mtu aliyewahi kufukuzwa nchini, mwenye hukumu ya jinai, anayetuhumiwa kwa nyaraka za kughushi, au anayetaka uamuzi wa uhamiaji upitiwe na mahakama, maana huko mshauri hawezi kumsimamia. Hapa ndipo wasomi wenzangu wa sheria hukasirika ninaposema kwamba wakili anayesamehewa leseni ni yule mwenye kibali hai cha uwakili cha Nyuzilandi. Wakili wetu wa Mahakama Kuu ya Tanzania, hata awe na miaka thelathini kazini, hamo katika msamaha huo. Anaweza kuapisha viapo, kuthibitisha nakala kuwa za kweli na kukusomea mkataba wa malipo kabla hujaweka sahihi, na hiyo ni kazi ya maana. Kukuchagulia viza ya Nyuzilandi si kazi yake. Mawakala wa vyuo walioko nje ya nchi hiyo nao wamesamehewa, lakini kwa viza ya masomo peke yake. Wakala huyohuyo akigusa viza ya mwenzi au ya kazi, ametoka nje ya msamaha wake.

Sasa tuje kwenye fedha. Kanuni za maadili za mwaka 2014 zinamtaka mshauri mwenye leseni afanye makubaliano ya maandishi na mteja kabla ya kuendelea na kazi, na aeleze wajibu wake pamoja na namna ya kumlalamikia. Tuseme mshauri anamtajia mama wa Mbagala dola 2,400 za Nyuzilandi. Namba hiyo peke yake haina maana. Mkataba unapaswa kuonyesha kazi itakayofanywa, na kama ni bei moja au ni kiwango cha saa na makadirio ya saa zenyewe. Ada ya serikali ya kupokea ombi itajwe kando, kwa sababu hiyo si mali ya mshauri. Vivyo hivyo gharama za tafsiri na usafirishaji. Ieleweke pia kama kodi yao ya bidhaa na huduma ya asilimia 15 inamhusu, na kama inamhusu, imo ndani ya dola 2,400 au inaongezwa juu. Kila tofauti ya namna hiyo ni mamia ya dola, na mizozo mingi ninayoisoma huanzia hapo.

Kisha asome kifungu cha marejesho. Tuseme wamekubaliana dola 800 ziwe zimeiva baada ya ushahidi kukaguliwa, 1,200 ombi likiwasilishwa na 400 uamuzi ukitoka, naye akalipa zote 2,400 siku ya kwanza. Fedha hizo zinapaswa kukaa katika akaunti ya wateja, mbali na fedha za biashara, na kuchukuliwa kila sehemu inapoiva kwa ankara. Akighairi baada ya ukaguzi tu, 1,600 bado hazijafanyiwa kazi, na marejesho yake lazima yawe ya haki. Mkataba ulioandikwa "fedha hairudi kwa hali yoyote" unagongana na kanuni hiyo hata kama mteja ametia sahihi. Mawakili wa huko nao wanatakiwa kumpa mteja maelezo ya maandishi ya jinsi watakavyotoza kabla ya kazi kubwa kuanza, ila wengi hutoza kwa saa, kwa hiyo yafaa kuomba kikomo ambacho hakitavukwa bila idhini yako ya maandishi.

Milioni 6 za kishoka hazina mgawanyo, hazina ankara, na zimelipwa kwa simu kwenda kwa jina ambalo si lake. Mara nyingi ombi pia hutumia baruapepe yake, hivyo afisa wa viza akiuliza jambo mteja hapati habari. Mama wa Mbagala akiwa amekwisha kulipa, la kwanza ni kuandika ujumbe, hata wa simu, akidai nyaraka zake zote, nenosiri la akaunti ya ombi na nakala ya kilichowasilishwa, kisha atunze majibu. Kama fomu imekwisha kwenda bila habari ya Uingereza, aiandikie ofisi ya uhamiaji kurekebisha kabla hajaulizwa, na hapo msaada wa mtu mwenye leseni una thamani ya ada yake. Malalamiko dhidi ya mshauri, au taarifa dhidi ya asiye na leseni, hupelekwa kwa mamlaka inayotunza daftari la leseni. Dhidi ya wakili wa huko, kwa Chama cha Wanasheria cha Nyuzilandi. Na utapeli uliofanyika hapa uripotiwe polisi hapa. Pasipoti isingoje lolote kati ya hayo. Mshauri wa kweli analazimika kurudisha nyaraka za mteja zinapodaiwa, na kishoka anayeing'ang'ania hadi amaliziwe deni ameshika mali ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano.