Kwa nini bomba la choo halitakiwi kupungua njiani

Kwenye nyumba ambazo choo kinaziba, kinazibuliwa, kisha kinaziba tena, wakaguzi wetu hukuta kosa moja lililofukiwa chini ya sakafu: bomba la inchi 4 limetoka chooni vizuri, likafika mahali likaunganishwa na la inchi 3. Pengine bomba la inchi 4 liliisha na duka limeshafungwa. Pengine tundu lililoachwa kwenye msingi lilikuwa dogo, au choo kipya kimepelekwa kwenye bomba la zamani lililokuwa likitoa maji ya bafuni tu.

Ukimuuliza fundi, atakuambia maji ya choo kimoja ni machache, inchi 3 inayamudu. Kwa hesabu ya maji peke yake, yuko sahihi. Tangi la lita 6 likivutwa humwaga, kwenye kilele chake, kama lita 2 kwa sekunde. Bomba la plastiki lenye kipenyo cha ndani cha milimita 100, kwa mteremko wa 1 kwa 40, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita, hupitisha takriban lita 10 kwa sekunde likijaa. La milimita 75 kwenye mteremko uleule hupitisha kama lita 5. Kipenyo kimepungua robo tu lakini uwezo umeshuka hadi karibu nusu. Hata hivyo lita 5 bado ni zaidi ya 2.

Tatizo ni kwamba bomba la choo halibebi maji peke yake. Linabeba kinyesi, karatasi, na vitu ambavyo havikupaswa kutupwa humo: pedi, vitambaa, nywele, mfuniko wa chupa ya dawa. Sehemu nyembamba kuliko zote katika njia hiyo inatakiwa iwe koo la choo chenyewe, pale kwenye kona inayoshikilia maji. Kitu kikubwa kikikwama hapo, unakiona na unaweza kukivuta. Kikishapita koo, mbele yake kusiwe na mahali pembamba kuliko pale kilipopita. Ukipunguza bomba katikati ya safari, umehamisha mahali pa kukwamia kutoka kwenye sinki la choo hadi chini ya zege.

Kisha kuna kizingiti. Redusa, yaani kiungo cha kutoka bomba kubwa kwenda dogo, nyingi za madukani zina tundu dogo katikati ya kubwa. Kutoka milimita 100 kwenda 75 tofauti ni 25, na nusu yake, milimita 12.5, inabaki sakafuni mwa bomba kama ukuta mdogo. Maji husimama nyuma ya ukuta huo. Kwa mteremko wa 1 kwa 40, dimbwi linarudi nyuma nusu mita. Kwa 1 kwa 80, mita nzima. Uchafu unaofika kwa kasi unaingia kwenye maji yaliyosimama, kasi inapungua, karatasi inatua. Mvuto unaofuata unasukuma kiasi na kuacha kiasi, na tabaka linaota. Zipo redusa zenye sakafu iliyonyooka, nazo zinaondoa dimbwi, ila paa la bomba bado linashuka na kitu kipana bado kinakwama.

La mwisho ni hewa. Bomba la maji taka limekusudiwa kutiririka likiwa na nafasi juu ya maji, na hewa hupita humo. Sehemu iliyobanwa ikijaa hadi juu, hewa inasukumwa mbele na kuvutwa nyuma. Maji ya trapu ya choo, yale yanayosimama kwenye ile kona na kuzuia harufu, ambayo kina chake kwa kawaida ni milimita 50, yanayumba au yananyonywa. Ndiyo maana ukivuta choo, trapu ya sakafu ya bafuni inakoroma, na baadaye nyumba inanuka ingawa hakuna kilichovuja.

Tuchukue nyumba ya kawaida yenye vyoo viwili vinavyokutana kwenye chemba moja, kisha mita kadhaa hadi kwenye karo. Ukivuta choo, maji yanapanda karibu na ukingo halafu yanashuka polepole. Fungua chemba kabla ya kuita mtu wa kuzibua. Ikiwa kavu huku choo kimejaa, kizuizi kiko kati ya choo na chemba. Ikiwa imejaa, kiko baada yake, au karo lenyewe limejaa. Funua karo utajua. Fimbo ya kuzibulia ikigonga umbali uleule kila mara, pima umbali huo juu ya sakafu na uchimbe hapo. Kizuizi cha bahati mbaya hubadilisha mahali. Cha redusa hakihami.

Sasa, inchi 4 imetoka wapi? Kipenyo cha tawi, yaani bomba linalotoka kwenye chombo kama choo kwenda bomba kuu, huanza kuchaguliwa kwenye choo, kabla ya kugusa hesabu ya mtiririko. Tawi lisiwe dogo kuliko mdomo wa kutolea wa chombo. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza unasema choo chenye mdomo usiofika milimita 80 kinaweza kutumia tawi la 75, na chenye mdomo mkubwa zaidi kitumie 100; lakini bomba la ardhini linalopokea choo lisipungue 100. Marekani wanakubali inchi 3 kwa sababu koo la vyoo vyao ni jembamba. Hata kiungo chao cha chini ya choo, kinachotoka inchi 4 kwenda 3, hakihesabiwi kuwa ni kupunguza, maana uchafu umeshapita kwenye koo dogo kuliko hiyo 3. Kwetu, ambako choo cha kukaa na cha kuchuchumaa vyote huunganishwa na bomba la plastiki lenye kipenyo cha nje cha milimita 110, sioni sababu ya kuhangaika na kidogo zaidi. Hilo 110 ndilo madukani huitwa inchi 4.

Mtiririko unahesabiwa baadaye, ili kuona kama 100 inatosha. Kanuni ya Ulaya ya EN 12056 hukipa kila chombo kipimo: choo cha lita 6 ni 2.0, bafu la manyunyu 0.6, beseni la kunawia 0.5. Unajumlisha, unatafuta kipeuo cha pili, unazidisha kwa 0.5 kwa makazi. Nyumba nne, kila moja na choo, bafu na beseni, zinatoa jumla ya 12.4, kipeuo chake ni 3.52, na nusu yake 1.76. Jibu haliruhusiwi kuwa chini ya chombo kikubwa kimoja, kwa hiyo ni lita 2 kwa sekunde. Bomba la 100 linamudu nyumba zote nne, kwa kuwa si rahisi watu wavute pamoja. Shuleni kizidishio ni 0.7, na kwenye vyoo vya umma ni 1.0.

Kwa hiyo matawi mawili ya inchi 4 yakikutana hayahitaji bomba la inchi 8, wala inchi 6 kwa choo kimoja si usalama wa ziada: maji yanatandaa yakawa membamba, yanapita pembeni ya kinyesi na kukiacha kimekauka. Bomba la hewa linaweza kuwa dogo, maana halibebi uchafu. Na tundu la msingi likiwa dogo, panueni tundu kwa ushauri wa mhandisi wa jengo, au bomba lizungushwe kwa kona pana mbili na chemba katikati, likiwa na inchi 4 zake hadi kwenye karo.