Maelekezo ya hisia na kasi kwa sauti ya kompyuta: maana yake

Ni maneno au alama zinazoiambia kompyuta inayosoma tangazo wapi ipunguze mwendo, wapi inyamaze na wapi ichangamke. Mtangazaji mwenye uzoefu huyaona hayo mwenyewe akiisoma hati. Mashine nayo hukisia kutokana na maandishi, na mara nyingi hukisia vibaya.

Baadhi ya huduma hupokea maelekezo kwa lugha ya kawaida, katika kisanduku kilicho kando ya hati. Hapo wengi huandika “soma kwa furaha” na kuishia hapo. Matokeo yake sauti hupanda tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na bei inapigiwa kelele sawasawa na salamu. Eleza tabia ya msomaji, sehemu kwa sehemu: “Anza kama unayempa jirani habari njema, bila haraka. Changamka kwenye siku ya ofa. Taja bei kwa utulivu.” Ukiyaweka maelekezo hayo ndani ya hati yenyewe, usishangae mashine ikiyasoma hewani pamoja na tangazo.

Huduma nyingine hutumia alama za SSML, lugha ya alama za kuongoza sauti ya kompyuta. Tuchukue tangazo la duka la mikate, likisomwa na sauti ya Kitanzania ya Microsoft iitwayo `sw-TZ-RehemaNeural`. Sehemu yake ya ndani ingekuwa hivi:

```xml
Mkate umetoka tanurini sasa hivi.
<break time="600ms"/>
Jumamosi hii,
<prosody rate="-10%">
shilingi elfu moja tu.
</prosody>
```

`break` ni kimya, hapa zaidi kidogo ya nusu sekunde, kumpa msikilizaji nafasi ya kuuona huo mkate kabla hajaambiwa siku. `prosody` inapunguza kasi kwa asilimia 10, na imefunika bei peke yake. Ukifunika tangazo zima, lililokuwa sekunde 20 litafika kama 22, na hapo umeshapitiliza muda uliolipia redioni. Angalia pia kwamba bei imeandikwa kwa maneno. Tarakimu zinaweza kusomwa visivyo.

Sauti kadhaa za Kiingereza za kampuni hiyo zina mitindo ya kuchagua, kama ya uchangamfu au ya huzuni. Kwa Rehema usiitegemee. Hisia itafute kwenye kimya, kasi na, zaidi ya yote, urefu wa sentensi. Sentensi yenye vishazi vitatu haichangamki hata uiongezee alama gani. Ikate vipande viwili kwanza, ndipo uweke alama.

Ukishatengeneza, sikiliza bila kutazama hati. Kama sauti inakwamakwama, vimya ni vingi: ondoa vile vinavyofuata mkato, kwa kuwa mkato wenyewe tayari huleta pumziko. Kama bei imepita hujaisikia, weka kimya kifupi kabla yake badala ya kupandisha sauti.