Jinsi mlolongo wa visiwa vya Hawaii ulivyozaliwa

Volkeno nyingi duniani hukaa kwenye kingo za mabamba, yaani vipande vikubwa vya tabaka gumu la juu la dunia, pale yanapogongana au kuachana. Hawaii haimo katika kundi hilo. Iko katikati ya Bamba la Pasifiki, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka ukingo wa karibu, na bado mlima wake wa Kilauea ni miongoni mwa volkeno zinazolipuka mara nyingi zaidi ulimwenguni. Mwaka 1963 mwanajiolojia Mkanada, J. Tuzo Wilson, alitoa maelezo yake: chanzo cha moto kiko chini ya bamba, nacho kimetulia, kinachosogea ni bamba lenyewe.

Chanzo hicho ni nguzo ya mwamba wenye joto kali inayopanda kutoka ndani sana ya koti la dunia, yaani tabaka nene la mwamba lililo chini ya ganda. Wengi hudhani ni mto wa lava unaobubujika kutoka chini. Sivyo. Mwamba ule ni mgumu, ila kwa joto na muda mrefu hujongea polepole sana, na hupanda kwa sababu ni mwepesi kuliko mwamba baridi unaouzunguka. Huko chini shinikizo ni kubwa mno, hivyo hauyeyuki hata kwa joto lile. Unapokaribia sehemu ya chini ya bamba shinikizo hupungua, na hapo ndipo sehemu yake ndogo inapoyeyuka, bila kuongezewa joto lolote. Uji huo wa mwamba, yaani magma, hupenya kwenye nyufa za bamba, humwagika sakafuni mwa bahari, na tabaka juu ya tabaka mlima hujengeka hadi kichwa chake kinatokeza majini.

Bamba nalo halisimami. Linaelekea kaskazini-magharibi, likibeba mlima mgongoni. Ni kama kitambaa kwenye cherehani: sindano haihami, lakini mishono inajipanga mstari. Mlima ukishasogezwa mbali na nguzo hukosa magma na hatimaye huzimika, huku mwingine ukianza kuota kusini-mashariki yake. Kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaii hali hii inaonekana wazi. Upande wa kaskazini, Kohala imezimika. Mauna Kea haijalipuka kwa maelfu ya miaka. Kusini, Mauna Loa ililipuka mwaka 2022, na Kilauea ndiyo yenye harakati nyingi zaidi. Takriban kilomita 35 nje ya pwani ya kusini-mashariki kuna volkeno changa, Kamaʻehuakanaloa, ambayo kilele chake bado kiko karibu mita 1,000 chini ya maji.

Haya yote yangekuwa hadithi tu kama umri wa miamba usingelingana nayo. Unapimwa kwa potasiamu, ambayo sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana. Miamba ya Kauai ina umri wa takriban miaka milioni 5, na kisiwa hicho kiko kama kilomita 500 kutoka Kilauea. Gawanya: unapata sentimita 10 kwa mwaka. Kisiwa cha Midway, kwenye mlolongo huohuo, kiko karibu kilomita 2,400, na volkeno yake ina umri wa takriban miaka milioni 28. Hapo jibu ni sentimita 8 na ushee. Kwa vipimo vya mamilioni ya miaka, majibu hayo yamekaribiana vya kutosha.

Kadiri kisiwa kinavyosogea ndivyo kinavyopungua. Mvua na mawimbi vinakila, na bamba chini yake linapoa, linakuwa zito na kuzama pamoja na mlima wake. Midway leo haina mlima wowote: ni duara la matumbawe yaliyoendelea kukua juu huku volkeno ikididimia. Ukipita Kure, kisiwa cha mwisho cha mlolongo, maji ni baridi mno kwa matumbawe kwenda sambamba na uzamaji huo, na kuanzia hapo mlolongo unaendelea chini ya bahari tu.

Mlolongo huo wa chini ya bahari una kona kali, pale unapogeuka kwenda kaskazini. Volkeno za hapo zina umri wa miaka milioni 47 hivi. Kwa muda mrefu kona hiyo ilielezwa kwa jambo moja: bamba lilibadili mwelekeo. Mwaka 2001 wanasayansi walitoboa milima ya tawi lile la kaskazini na kupima usumaku uliogandishwa ndani ya lava, ambao huonyesha mlima ulizaliwa latitudo gani. Kama nguzo haikuhama kamwe, yote ingeonyesha karibu nyuzi 19 kaskazini, mahali ilipo Hawaii leo. Mlima wa Detroit, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 75, ulionyesha latitudo ya kaskazini zaidi, karibu nyuzi 34. Kwa hiyo nguzo yenyewe iliwahi kuteleza kuelekea kusini, kwa sentimita kadhaa kwa mwaka, na kona ile haiwezi kuhesabiwa yote kwa bamba peke yake. Hesabu ya Kauai na Midway haiathiriki sana, kwa kuwa visiwa hivyo vilizaliwa baada ya kona, wakati nguzo ilikuwa imeshapunguza sana mwendo wake.