Marafiki wa mumeo wakikutenga, anza na Jumamosi nne zilizopita

Kumuuliza mumeo "ni mimi au wao?" huharibu mambo kwa njia moja ninayoiona mara kwa mara katika kazi yangu ya ushauri wa ndoa hapa Nairobi. Mume huanza kuwatetea marafiki. Baadaye, ili kuepuka ugomvi, huacha kukwambia anakoenda, na sasa mna tatizo jipya la kufichana.

Tuseme mumeo na marafiki wanne aliosoma nao hukutana Kenyatta Market kila Jumamosi kula nyama choma, nawe unazionea picha kwenye WhatsApp. Kabla ya kusema lolote, kumbuka Jumamosi nne zilizopita: wake za wenzake walikuwepo? Tuseme mara mbili walikuwa wanaume peke yao. Hizo ni zao, ziache kabisa. Mara mbili wake walikuwepo, na wewe hukuambiwa. Huko ndiko kutengwa, na ndiko kwa kuzungumzia.

Usizungumze usiku anapoingia nyumbani. Ngoja jioni ya katikati ya wiki, mkishakula. "Jumamosi ile wake za wenzako walikuwepo, nami sikujua. Niliumia. Siku nyingine wakienda, naomba uniambie kufikia Ijumaa." Hapo hujagusa tabia ya rafiki yeyote, kwa hiyo hana wa kumtetea. Umeomba jambo moja analoweza kulitenda wiki hii hii.

Yeye naye awaambie tu, "Wake wakija, nami nakuja na wangu." Asiseme "mke wangu analalamika", maana asiyekupenda atakuwa amepata sababu. Wala asikuletee nyumbani waliyoyasema juu yako. Maneno hayo hayasahauliki, hata wao wakishayasahau.

Mkienda, usijaribu kupendwa na kundi zima. Mtafute shemeji mmoja aliye mpole kuliko wengine, umuulize habari za kazi au watoto, na umsikilize kweli. Ukishakaa kwa muda wa saa moja na nusu hivi, aga, upande matatu yako na umwache mumeo pale. Marafiki wengi huwa baridi kwa sababu wanahofu umekuja kumchukua mwenzao, na kuondoka kwako mapema huwajibu kuliko maelezo yoyote. Rudia hivyo miezi miwili au mitatu kabla ya kupima kama kuna mabadiliko.

Huenda bado wasikupende. Wakikusalimia na kukupa kiti, inatosha, na hilo si deni la mumeo kulilipa.

Tusi la mbele yako ni jambo tofauti. Hapo aseme palepale: "Usimwambie mke wangu hivyo." Sentensi hiyo haivunji urafiki. Na kama umeomba kwa upole, akakubali, kisha akaendelea kuficha Jumamosi zenye wake, waache marafiki kando. Zungumza naye kuhusu kuficha kwake.